Kifungu Kimoja, Majibu Mawili: Tulivyojaribu Kuandika Upya Sheria Ndogo ya Biashara za Mtaani

Mama mdogo wangu anakaanga samaki. Si hotelini, ni mtaani, kwenye meza ya mbao ng'ambo ya mtaro, mita kama tatu hivi kutoka lami. Jioni moja mwezi wa pili nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nyuma yake namenya vitunguu, gari la manispaa likasimama. Walishuka mgambo wawili na mkaguzi mmoja, wakaanza kupakia: meza, karai, na beseni la samaki ambao bado walikuwa wabichi.

Mama mdogo hakupiga kelele. Alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Baba, mimi nina kibali." Mkaguzi akaisoma, akamrudishia kwa heshima kabisa. "Mama, kibali ninakiona. Lakini kibali hakihusu kando ya barabara. Sheria ndogo inasema hivyo."

Nilichotegemea ni kwamba mmoja wao anadanganya. Kesho yake nikaenda ofisi ya kata kuomba kuisoma hiyo sheria ndogo. Niliisoma mara ya kwanza nikaona mama mdogo yuko sahihi. Nikaisoma mara ya pili nikaona mkaguzi yuko sahihi. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya somo la upimaji na tathmini. Naandika haya kwa sababu wengi wetu hapa chuoni tuna mzazi, dada au kaka mwenye meza mtaani, na baadhi yetu tukimaliza masomo ndio tutakaoajiriwa halmashauri kusimamia meza hizo.

Sentensi yenyewe

Kifungu kilisomeka hivi, na nimekifupisha kidogo tu:

"Ni marufuku kwa mtu yeyote kufanya biashara ndogondogo kando ya barabara au katika eneo lolote lisiloruhusiwa bila kibali cha Halmashauri, na biashara hiyo haitazuia watembea kwa miguu, na bidhaa zitakazokutwa zinaweza kuchukuliwa."

Angalia kwamba hakuna neno gumu humo. Kiko kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha kawaida. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, lakini sheria ndogo nyingi za halmashauri zilikuwa zikiandikwa kwa Kiswahili tangu zamani. Kwa hiyo hapa huwezi kulaumu Kiingereza. Tatizo ni muundo.

Jiulize: maneno "bila kibali cha Halmashauri" yameshikana na nini? Mama mdogo anayashikanisha na "kufanya biashara". Kwake sentensi inasema: ukifanya biashara bila kibali ni kosa, iwe kando ya barabara au kwingineko. Ana kibali, basi hana kosa. Mkaguzi anayashikanisha na maneno yaliyo jirani yake, yaani "eneo lolote lisiloruhusiwa bila kibali". Kwake sentensi ina makatazo mawili: la kwanza ni kando ya barabara, na hilo halina msamaha; la pili ni maeneo yanayohitaji kibali. Rafiki yangu anayesoma sheria aliitazama akacheka. Alisema hata mawakili wangeweza kuigombania siku nzima, na kila mmoja akawa na hoja.

Usiulize "umeelewa?"

Sisi wa ualimu tunaijua hii. Ukimaliza kufundisha ukauliza darasa "Mmeelewa?", utajibiwa "Ndiyoooo!" hata na yule aliyekuwa amelala. Ukitaka kujua kama wameelewa unawapa swali la kufanya. Na ukitaka kujua kama mwongozo wako wa kusahihisha ni mzuri, unawapa walimu wawili karatasi ileile ya mwanafunzi, kila mmoja asahihishe peke yake, halafu unalinganisha alama. Mmoja akitoa 8 na mwingine 3, huna haja ya kumlaumu mwanafunzi wala walimu. Mwongozo ndio mbovu.

Sheria ndogo ni mwongozo wa kusahihisha. Muuzaji anajisahihisha asubuhi anapopanga meza. Mkaguzi anamsahihisha jioni anapopita. Kinachotakiwa ni alama zilingane.

Basi mimi na wenzangu wawili tukatengeneza kadi nane. Kila kadi ilikuwa na tukio fupi lenye mambo ya kuonekana kwa macho: muuzaji ana kibali au hana, meza iko wapi, ni saa ngapi, watu wanapita vipi. Kwa mfano, kadi ya tatu: "Mama anauza mihogo. Ana kibali ambacho hakijaisha muda. Meza yake iko ng'ambo ya mtaro, mita tatu kutoka lami. Watu wanapita bila shida. Je, amevunja kifungu?" Majibu ni mawili tu, ndiyo au hapana. Baada ya jibu tulitoa ombi moja: weka kidole kwenye neno la kifungu lililokufanya ujibu hivyo.

Ombi hilo la kidole ndilo lililotusaidia kuliko yote. Mtu anaweza kubahatisha jibu, lakini kidole kinakuonyesha mahali alipojikwaa.

Wasomaji wetu walikuwa wanne: wauzaji wawili, mgambo mmoja anayeishi jirani yetu, na mkaguzi mmoja mstaafu. Tulimsomesha kila mmoja peke yake, maana ukiwaweka pamoja mwenye sauti kubwa ndiye anayejibu kwa niaba ya wote. Asiyesoma kwa haraka tulimsomea kwa sauti mara mbili. Kadi ilihesabiwa imepatana pale tu wote wanne walipotoa jibu moja.

Raundi ya kwanza zilipatana kadi mbili kati ya nane. Ili uone ubaya wa namba hiyo, fikiria hao wanne hawasomi chochote, kila mmoja anarusha shilingi: kichwa ni ndiyo, mkia ni hapana. Watu wanne wakirusha, uwezekano wa wote kupata upande mmoja ni mmoja kati ya nane. Kwa hiyo kwenye kadi nane shilingi peke yake ingetupatia wastani wa kadi moja. Sheria ndogo ilishinda shilingi kwa kadi moja tu. Hii ndiyo sababu wapimaji hawaamini asilimia ya makubaliano ikisimama yenyewe. Jacob Cohen alipopendekeza kipimo chake cha kapa mwaka 1960, alikuwa anafanya jambo hilohilo: kuondoa kwanza makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati. Watu wanne si utafiti, nakiri, na sitoi namba zangu kama ukweli kuhusu mji mzima. Lakini kugundua kwamba daraja lina ufa hakuhitaji magari elfu moja.

Kutopatana kuna aina mbili

Tulipopanga majibu mezani tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Kwenye kadi za kibali, wauzaji wote wawili walisema hakuna kosa, na mgambo na mkaguzi wote wawili wakasema kosa lipo. Kila upande ulikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Vidole viliangukia palepale, kwenye "bila kibali", ila vilitoka pande tofauti.

Kwenye "kando ya barabara" ikawa vilevile. Kwa muuzaji, barabara inaishia lami inapoishia, na mtaro ni mpaka unaoonekana. Mkaguzi amefundishwa kwamba barabara ina hifadhi yake. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Mtaa wetu si barabara kuu, ila mkaguzi wa muda mrefu husikia neno "barabara" na kichwani anaona hifadhi, si lami. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa na barabara yake.

Lakini kwenye kadi za kuzuia watembea kwa miguu, mgambo na mkaguzi walipingana wao kwa wao, na wauzaji nao wakapingana. Mmoja alisema watu wakipinda kidogo tu basi wamezuiwa. Mwingine alisema kama hakuna aliyeshindwa kupita, hakuna kilichozuiwa.

Tofauti hii ni muhimu kwa anayetaka kurekebisha. Kundi moja likikubaliana dhidi ya kundi lingine, sentensi ina njia mbili zilizo wazi na kila upande umezoea yake. Dawa ni kupanga upya sentensi ili njia moja ifungwe. Kutopatana kukiwa ndani ya kundi lilelile, sentensi haina njia yoyote; inamwachia kila mtu aamue kwa jicho lake. Hapo kupanga upya maneno hakusaidii kitu. Unahitaji kipimo.

Tulivyokosea mara ya kwanza

Bahati mbaya hilo la pili tulilijua kwa kuchelewa. Raundi ya kwanza ya kuandika tulishughulika na urahisi tu. Tulikata sentensi moja ndefu kuwa fupi tano, tukaondoa "mtu yeyote" tukaweka "wewe", tukaandika: "Meza yako isizuie watu kupita." Tukafurahi sana. Nani asiyeelewa "isizuie watu kupita"? Mtoto wa darasa la tatu anaelewa.

Kadi zilizopatana zikafika tano. Zile za kibali na barabara zilikaa sawa. Lakini kadi mbili za kuzuia njia ziligoma vilevile kama mwanzo. Wote wanne walielewa kila neno, wakaweka vidole pale pale, wakatoa majibu tofauti. Mwalimu wetu akatuambia, "Mmerahisisha lugha, hamjarahisisha kosa." Nikakumbuka maswali ya mtihani yanayosema "eleza kwa kirefu": kila mtu anaelewa neno "kirefu" mpaka alama zitoke.

Tukarudi, na safari hii tukaandika hivi:

"4. (1) Unaruhusiwa kufanya biashara ndogondogo mtaani ukitimiza masharti haya yote matatu:
(a) una kibali cha Halmashauri ambacho muda wake haujaisha, na unacho ulipo;
(b) meza yako iko ndani ya mstari wa njano uliochorwa chini, kwenye namba iliyoandikwa kwenye kibali chako, na
(c) mbele ya meza yako imebaki nafasi wazi ya kupita yenye upana wa mita moja na nusu au zaidi.
(2) Ukikosa sharti hata moja umevunja kifungu hiki.
(3) Kibali hakiruhusu biashara nje ya mstari wa njano."

Neno "yote" na neno "na" mwishoni mwa (b) yanaonekana madogo, lakini jaribu kuyaondoa. Orodha isiyosema kama unatakiwa kutimiza yote au mojawapo itamfanya mwenye kibali aishie (a) na kusema ametimiza. Kifungu kidogo cha (2) kinarudia jambo hilo kwa upande wa mkaguzi, kwa sababu yeye hatafuti ruhusa, anatafuta kosa. Msomaji mmoja anaingia sheria kwa mlango wa "naruhusiwa?", mwingine kwa mlango wa "amevunja?". Milango yote miwili lazima ifike chumba kimoja.

Mstari wa njano uliletwa na muuzaji, si na sisi. Tulikuwa tumeandika "mita tano kutoka ukingo wa lami". Akatuuliza, "Nani ana futikamba saa 12 asubuhi?" Kweli kabisa. Namba isiyopimika pale pale inarudisha ugomvi kwa mwenye nguvu. Rangi chini anaiona muuzaji, anaiona mkaguzi, anaiona hata asiyejua kusoma. Kwa ile mita moja na nusu tulipendekeza mwenyekiti wa wauzaji akae na fimbo iliyokatwa kwa urefu huo, na mkaguzi awe nayo ya urefu uleule. Fimbo ikipita bila kugusa meza, sharti limetimia.

Raundi ya tatu tuliwatafuta wasomaji wengine wanne na tukabadilisha matukio kwenye kadi. Wale wa kwanza walishazijua kadi zetu, na mwanafunzi anayerudia mtihani uleule humpimi tena uelewa, unampima kumbukumbu. Zilipatana saba kati ya nane.

Kadi iliyokataa ni ya kijana anayetembea na maji ya chupa kwenye ndoo kichwani. Anasimama dakika mbili kuuza, anaendelea. Hana meza. Je, yuko nje ya mstari? Mwanafalsafa wa sheria H.L.A. Hart, mwaka 1958, alitumia mfano wa kanuni inayokataza magari ndani ya bustani ya watu wote: gari dogo linajulikana, lakini je, baiskeli? Viatu vya magurudumu? Kila kanuni ina katikati pasipo na ubishi na pembeni penye ukungu. Sisi hatukumaliza ukungu. Tuliusogeza mbali na meza ya samaki, tukaandika kwamba wanaouza wakitembea watawekewa kifungu chao wenyewe.

Mahali ambapo kalamu inatakiwa kusimama

Kuna jambo nililojifunza kwa aibu kidogo. Tulipofika kwenye "bidhaa zinaweza kuchukuliwa", niliandika kwa kujiamini kwamba mkaguzi atampa muuzaji dakika 30 za kusogea, na akichukua bidhaa ataacha hati yenye orodha, idadi, jina lake na mahali zinapohifadhiwa. Rafiki yangu wa sheria akanizuia. "Hati sawa, pendekeza. Lakini dakika 30 umezitoa wapi?"

Nilikuwa nimezitoa kwa hasira ya samaki wa mama mdogo. Neno "zinaweza" lilikuwa halisemi nani achukue, lini, na baada ya onyo gani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuamua. Utata mwingine si wa lugha. Ni uamuzi ambao haujafanyika, umefunikwa na neno. Anayeandika upya akiufunika kwa uamuzi wake mwenyewe ametunga sheria bila kuchaguliwa na mtu. Kwa hiyo pale tuliacha nafasi wazi, "dakika ......", tukaambatanisha maswali kwa madiwani: Onyo liwe la muda gani? Vyakula vinavyooza vifanyiwe nini? Na lile la kwanza kabisa: je, mlikusudia kibali kiruhusu kando ya barabara au hapana? Tuliandika nakala mbili za kifungu, moja kwa kila jibu. Iliyojaribiwa kwenye kadi ni ile inayofuata usomaji wa mkaguzi.

Pia hatukutengeneza bango. Wengi walitushauri hivyo: tengenezeni bango la lugha rahisi, sheria yenyewe iacheni. Lakini muuzaji akisoma bango na mkaguzi akisoma kifungu, tumerudi palepale pa kusoma vitu viwili, na ugomvi ukifika mahakamani kinachosomwa ni kile kilichochapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kubadilisha kifungu kuna njia yake: halmashauri hutangaza kusudio, wananchi hutoa maoni au pingamizi, baraza la madiwani hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, ndipo Gazeti. Karatasi yetu iko kwenye hatua iliyo kabla ya zote hizo: tumeikabidhi ofisi ya kata pamoja na kadi nane na maswali, na diwani ameahidi kuipeleka kwenye kamati.

Mama mdogo nilimsomea nakala mpya jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie (3). Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo pale ng'ambo ya mtaro mimi nina kosa."

Nikamwambia ndiyo, kama rangi haitafika pale. Nilitegemea akasirike, maana mpwa wake amekaa wiki sita anaandika sheria ya kumhamisha. Akaendelea kupara samaki. "Sawa," akasema. "Siku ile nilijua nimechukuliwa. Sikujua kwa nini. Afadhali nijue kabla sijaenda feri kununua samaki."